Kufuta notisi ya kusitisha mkataba: barua au mkataba mpya?

Tuseme notisi ya siku 30 ilitolewa tarehe 1 Juni, kisha mteja na mtoa huduma wakakubaliana kuendelea kwa bei mpya. Kabla muda wake haujaisha, barua hutosha na mkataba wa awali hubaki hai. Itaje tarehe ya notisi, iseme imefutwa kwa ridhaa ya pande zote, ionyeshe vifungu vilivyobadilika na siku vinapoanza, na kwamba vingine vyote vinabaki vilivyo. Mpokeaji naye asaini; saini moja huacha mwanya wa kudai kwamba bei mpya haikukubaliwa.

Muda ukishapita, kwa kawaida mkataba umekwisha na barua haina cha kufuta. Hapo andikeni mkataba mpya, na msisahau kueleza madeni ya zamani yatalipwaje.