Kabla hujamtumia broka hela: leseni ni ya nani, anakukata ngapi, na hela yako inakaa wapi

Watu wengi wakiuliza "broka gani mzuri" wanataka watajiwe jina tu, wakishatajiwa wanafungua akaunti siku hiyohiyo. Sasa shida iko hapa, brandi haina leseni, mwenye leseni ni kampuni, na brandi moja ya foreksi na CFD, ile mikataba ya kutredi bei bila kumiliki kitu chenyewe, inaweza kuwa na kampuni nne au tano nyuma yake, moja iko London chini ya FCA, mdhibiti wa Uingereza, nyingine Saiprasi chini ya mdhibiti wa huko CySEC, nyingine Shelisheli au Morisi, na zote zinatumia logo ileile, apu ileile, mpaka watu wa huduma kwa wateja unakuta ni walewale. Wewe unajaza fomu, mfumo unaangalia unaishi nchi gani alafu unakupeleka kwenye mojawapo, mara nyingi ile ya visiwani kama Shelisheli au Morisi, na hakuna anayekushtua. Kwa hiyo ule mstari wa "tunasimamiwa na FCA" unaweza kuwa kweli kabisa, ila hauihusu akaunti yako.

Ndo maana kitu cha kwanza kutafuta ni jina kamili la kampuni utakayosaini nayo mkataba. Shuka mpaka chini kabisa ya tovuti yao kwenye yale maandishi madogo, alafu fungua mkataba wa mteja wenyewe (huwa ni PDF wanayokuwekea kitiki ukubali bila kusoma) uangalie ukurasa wa kwanza umeandika kampuni gani, imesajiliwa wapi na namba ya leseni ni ipi. Majina yakitofautiana, la mkataba ndo la kweli kwako.

Kucheki kwenye rejista

Ukishapata jina na namba, nenda kwenye rejista ya mdhibiti, na tafadhali andika anwani ya mdhibiti mwenyewe kwenye brauza, usibonyeze linki aliyokutumia broka wala ile beji ya leseni kwenye tovuti yake, maana matapeli wanatengeneza hadi rejista feki inayofanana na ya kweli. Rejista za wadhibiti wakubwa ni za bure na hazihitaji akaunti, FCA wana Financial Services Register, Marekani kuna BrokerCheck ya FINRA kwa mabroka wa hisa na BASIC ya NFA kwa fyucha na foreksi.

Kampuni kuonekana humo haitoshi. Soma rekodi nzima taratibu. Hali ya leseni iwe hai, sio iliyosimamishwa au iliyofutwa. Ruhusa zake zitaje biashara unayoenda kufanya, kuna kampuni zina leseni ya kutoa ushauri tu na haziruhusiwi kushika hela ya mteja hata senti, na kwenye rejista ya FCA kuna sehemu inayosema wazi kama kampuni inaruhusiwa kushika fedha za wateja au la. Alafu angalia tovuti, simu na barua pepe zilizoandikwa pale, ulinganishe herufi kwa herufi na zile ulizopewa.

Hapo kwenye herufi ndo watu wanapigwa. Tapeli anachukua kampuni halisi yenye leseni halisi, anaiba jina, anwani na namba ya leseni, alafu anafungua tovuti yenye tofauti ya kistari kimoja tu au .net badala ya .com. Ukicheki jina, lipo. Ukicheki namba, ipo. Kinachomuumbua ni tovuti na simu kutokuwa sawa na za kwenye rejista. Ukiwa na wasiwasi pigia kampuni kwa namba iliyoko kwenye rejista, sio ile ya jamaa anayekuchati, uwaulize kama huyo ofisa wako wanamjua. Na wadhibiti wengi wana orodha ya tahadhari ya kampuni zisizoruhusiwa, pita nayo hapohapo, ila jina kutokuwemo haimaanishi ni salama, inaweza kuwa tapeli ni mpya tu.

Nawapanga hivi

Juu kabisa naweka kampuni iliyo chini ya mdhibiti mkali na yenye mfuko wa fidia nyuma yake, mradi inakubali wateja wa nchi yako. Uingereza mfuko unaitwa FSCS, kampuni ikifilisika na hela za wateja zikapungua unaweza kulipwa mpaka pauni 85,000. Saiprasi ni mpaka yuro 20,000. Marekani kuna SIPC mpaka dola 500,000, ndani yake keshi isizidi 250,000, ila hiyo ni ya akaunti za hisa na dhamana, sio foreksi wala fyucha. Na hakuna mfuko hata mmoja hapo unaolipa hasara uliyopata sokoni.

Namba mbili ni broka mwenye leseni ya mdhibiti wa nchi unayoishi. Hata kama mfuko wa fidia ni mdogo au haupo, una ofisi ya kwenda kulalamika na sheria unayoweza kuishika. Kama mtaji wako ni mdogo mimi ningemweka huyu namba moja kabisa, sababu kesi ya dola 300 huwezi kuifuatilia ng'ambo.

Namba tatu ni ile kampuni ya visiwani ya kundi kubwa ambalo ndugu zake wana leseni kali kwingine. Watu wengi wanaishia hapa na nawaelewa, levereji, yaani kutredi kwa kiasi kikubwa kuliko hela uliyoweka, ni kubwa na akaunti inafunguka haraka. Wateja wadogo wa Ulaya tangu 2018 wanabanwa kwenye 30 kwa 1 kwa jozi kubwa za sarafu, bonasi zimepigwa marufuku na broka haruhusiwi kukudai zaidi ya ulichoweka, ila visiwani hayo yote yanategemea broka ameandika nini kwenye mkataba wake. Ukienda huku, weka hela ya kufanyia kazi tu na faida uwe unaitoa.

Namba nne, kampuni yenye leseni ya kisiwani peke yake na haina ndugu popote. Mimi siwezi kumshauri mtu.

Na wa mwisho, ambaye hafai hata kujaribiwa, ni yule mwenye usajili wa kampuni tu anaouita leseni. Mfano mkubwa ni Sentvisenti na Grenadini, mamlaka ya fedha ya huko yenyewe ilishatangaza kwamba haitoi leseni kwa mabroka wa foreksi. Cheti cha usajili anachokuonyesha kinasema tu kampuni ipo, hakuna mtu anayekagua hela zako.

Gharama, piga hesabu ya mtindo wako

Ukishabaki na wawili watatu waliopita kwenye rejista ndo uanze kulinganisha makato, sio kabla. Tuseme unatredi yuro kwa dola, loti 0.1, ambapo pipsi moja ni dola 1. Broka wa kwanza anasema hana kamisheni, spredi yake, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ni pipsi 1.4, kwa hiyo kila tredi inakugharimu dola 1.40. Wa pili spredi 0.2 na kamisheni dola 7 kwa loti nzima kwenda na kurudi, kwa loti 0.1 inakuwa senti 70, jumlisha senti 20 za spredi unapata senti 90. Ukifanya tredi 40 kwa mwezi wa kwanza anachukua dola 56 na wa pili dola 36, na ni yule "asiye na kamisheni" ndo ghali.

Lakini kama wewe unashikilia tredi wiki mbili, hiyo tofauti ya nusu dola haina maana, kinachokula ni swapu, ile ada ya kulaza tredi usiku. Swapu ya senti 70 kwa usiku ukiizidisha kwa siku 14 ni dola 9.80, zaidi ya mara kumi ya gharama ya tredi yenyewe kwa huyo broka wa pili. Usichanganyikiwe ukikuta Jumatano umekatwa mara tatu, kwenye jozi nyingi ndo siku wanayohesabia wikiendi. Swapu inaonekana kwenye sifa za jozi ndani ya programu za kutredia MT4 au MT5, isome upande wa kununua na wa kuuza maana hazilingani.

Neno "kuanzia" kwenye spredi lisikudanganye, "kuanzia 0.0" ni dakika nzuri ya siku nzuri, tafuta wastani au uangalie mwenyewe soko likiwa na habari kubwa. Mengine ni ya kuuliza tu, ada ya kutoa hela, ada ya akaunti iliyolala, na kiwango chao cha kubadilisha sarafu kama akaunti ni ya yuro na wewe unaweka dola.

Hela yako iko mikononi mwa nani

Karibu kila broka anaandika kwamba hela za wateja zimetengwa na za kampuni. Nenda kwenye mkataba usome kipengele cha fedha za mteja, unatafuta maneno kwamba wanazishika kwa amana kwa niaba yako. Ukikuta wameandika kwamba umiliki wa hela unahamia kwao ukishaweka, basi wewe umekuwa mdai wa kawaida, wakifilisika unapanga foleni na wanaowadai wengine wote. Ulaya hilo limekatazwa kwa wateja wadogo tangu 2018, kwingine bado utalikuta.

Na hata kutengwa kwenyewe kunategemea nani anahakiki. Peregrine Financial ya Marekani ilikuwa na leseni na ilikuwa inakaguliwa, na 2012 zikakutwa hazipo zaidi ya dola milioni 200 za wateja. Bosi wake alikuwa anaghushi taarifa za benki kwa miaka mingi, na mkaguzi alipoandikia benki kuulizia salio, barua ilienda kwenye sanduku la posta ambalo bosi mwenyewe alikuwa amelifungua, anajibu yeye. Alikamatika pale mdhibiti alipoanza kuuliza salio kwa njia ya kielektroniki moja kwa moja benki. Wateja wale walikuwa wa fyucha, SIPC haikuwahusu. Ndo maana kwenye kupanga juu nimeuweka mfuko wa fidia mbele kuliko maneno ya "akaunti zimetengwa".

Ukishachagua, usianze na mtaji wote. Weka kiasi kidogo, tredi kidogo, alafu omba kutoa sehemu yake kabla hujaongeza kitu, na uangalie jina la mtumaji kwenye muamala, liwe la kampuni ya mkataba au la mlipaji aliyetajwa humo, sio mtu binafsi wala kampuni usiyoijua. Kuombwa kitambulisho na uthibitisho wa makazi ni kawaida, na hela kurudishwa njia ileile uliyowekea ni kawaida pia. Isiyo ya kawaida ni kuambiwa utume kwanza "kodi" au "ada ya uhakiki" ndo hela itoke, broka mwenye leseni anakata kwenye salio lako. Ukiambiwa hivyo usitume chochote tena, piga picha za skrini za salio na mazungumzo yenu yote, wajulishe benki yako au mtandao wa simu uliolipia siku hiyohiyo, alafu peleka kila kitu kwa mdhibiti.