Uchambuzi wa ss: Kuutambua Muunganisho Uliokwama kwa Kusoma Hali ya Soketi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninaichambua ss, zana ya terminali inayokuja na kifurushi cha iproute2 katika Linux, na nitaipima kwa kazi moja tu: je, inaweza kutuonyesha ni muunganisho upi wa TCP uliokwama na umekwama wapi?

Tuchukue seva ya programu yenye anwani 10.0.1.20, ambayo huzungumza na hifadhidata ya PostgreSQL iliyoko nyuma ya faiwoli. Asubuhi watumiaji wanalalamika kwamba baadhi ya kurasa hazifunguki, ilhali nyingine zinafunguka vizuri. Tunaandika amri hii, nami nimebakiza mistari mitatu tu ya majibu yake:

```
$ ss -tano
ESTAB     0 412 10.0.1.20:48112 10.0.2.15:5432 timer:(on,1min12sec,9)
TIME-WAIT 0 0   10.0.1.20:50844 10.0.2.15:5432 timer:(timewait,41sec,0)
SYN-SENT  0 1   10.0.1.20:51930 10.0.3.9:443   timer:(on,6.210ms,3)
```

Herufi a katika amri hiyo ni ya lazima, kwa sababu bila hiyo ss haionyeshi kabisa soketi zilizo katika TIME-WAIT. Herufi o ndiyo inayoleta kipima muda cha mwisho wa mstari, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinachoipa zana hii thamani yake.

Tuanze na TIME-WAIT, kwa kuwa ndiyo inayowatisha watu bure. Upande uliotangulia kufunga muunganisho hubaki katika hali hii kwa sekunde 60 katika Linux, ili pakiti zilizochelewa njiani zisije zikaingia katika muunganisho mpya. Hakuna kilichokwama hapo. Mstari huu, kinyume chake, unatupa habari njema: zimebaki sekunde 41, maana yake ni kwamba sekunde 19 zilizopita kuna muunganisho uliofungwa salama na hifadhidata ileile, kwa hiyo njia ya kwenda huko iko wazi.

SYN-SENT ni jambo jingine. Seva yetu imebisha hodi na haijajibiwa. Kama mashine ya pili ingekuwa hai lakini poti imefungwa, kwa kawaida ingetukatalia papo hapo na mstari huu usingedumu machoni petu; ukidumu, basi pakiti zinatupwa kimya njiani, au majibu yanapotea yakirudi. Tarakimu 3 ni idadi ya marudio, na kwa mipangilio ya kawaida kerneli hukata tamaa baada ya dakika mbili na ushei. Angalieni pia maandishi 6.210ms: ni sekunde 6 na milisekunde 210, na uandishi huo wa kupotosha ni kasoro ya zana ambayo ingestahili kurekebishwa.

Sasa turudi kwenye mstari wa kwanza, ambao ndio chanzo cha malalamiko ya asubuhi. Neno ESTAB linatuliza moyo, lakini safu ya Send-Q inasema baiti 412 zimetumwa bila kuthibitishwa kupokelewa, na kipima muda kinasema kerneli imekwisha kuzirudia mara 9. Tukiliweka jambo hili kando ya ule mstari wa TIME-WAIT, tunaona kwamba miunganisho mipya inapita ilhali huu wa zamani haupiti. Dalili hiyo inaelekeza kwenye faiwoli iliyousahau muunganisho uliokaa usiku kucha bila kazi. Kerneli itaendelea kurudia kwa takriban dakika 15 au zaidi kabla ya kuiarifu programu, na muda wote huo mtumiaji anasubiri.

Tunaweza kuukata sisi wenyewe, iwapo kerneli imejengwa ikiwa na uwezo huo:

```
sudo ss -K dst 10.0.2.15 sport = :48112
```

Msiache kutaja poti, kwa maana bila hiyo mtakata kila muunganisho wa kwenda kwenye hifadhidata. Dawa ya kudumu ni kupunguza muda wa keepalive, yaani ukimya unaoruhusiwa kabla kerneli haijatuma pakiti ya kupima kama upande wa pili ungali hai, ambao kwa kawaida ni sekunde 7200, uwe mfupi kuliko ule ambao faiwoli huvumilia ukimya. Kwa PostgreSQL, mpangilio huo upande wa mteja ni keepalives_idle.

Upungufu mkubwa wa ss ni huu: ESTAB yenye Send-Q ya 0 inaweza kuwa imekufa tangu jana, na hakuna safu itakayowaambia, kwa kuwa hakuna aliyetuma kitu. Mtakachoweza kufanya ni kuendesha ss -tni na kusoma lastrcv, yaani milisekunde zilizopita tangu data ya mwisho ipokelewe, kisha kuamua kama ukimya huo ni wa kawaida kwa programu yenu.