Fail2ban ilinifungia mlango wa seva yangu mwenyewe

Naitumia fail2ban muda sasa, ile programu inayofungia anwani zinazokosea paswedi mara nyingi, na kusema kweli inafanya kazi yake, shida ni kwamba haijui nani mwenye nyumba. Juzi usiku naingia kwa ssh, Caps Lock imewaka sijaiona, paswedi ikakataa mara 3, nikarudia amri, ikakataa tena mara 2, halafu kimya. Jaribio lililofuata nikapata `Connection refused`. Nikajua huduma ya ssh imekufa, kumbe wapi. Tovuti iliyo kwenye seva hiyohiyo inafunguka, ping inajibu vizuri. Hiyo ndo dalili ya kufungiwa na fail2ban, kwa kawaida inafunga poti ya ssh tu na kwa anwani yako tu, wengine wanapita kama kawaida.

Nikazima waifai nikawasha data ya simu, anwani ikawa nyingine, nikaingia bila tabu (kama huna data, tumia konsoli ya kwenye ukurasa wa kampuni unakokodi seva). Nikaangalia:

```
sudo fail2ban-client status sshd
```

Ikanipa orodha ya waliofungiwa, anwani kibao, nikaanza kutafuta ile ya 192.168 ninayoionaga kwenye laptop. Haipo, na haiwezi kuwepo, seva inaona anwani ya nje ya ruta. Sasa yangu ipi humo? Nikakumbuka maroboti yanabahatisha sana root na admin, mi jina langu la kuingilia ni kazi, basi nikatafuta kwa jina hilo:

```
sudo grep "Failed password for kazi" /var/log/auth.log
```

Mistari ikatoka, yote ina 203.0.113.45 (nimeibadilisha hapa). Nikaifungulia:

```
sudo fail2ban-client set sshd unbanip 203.0.113.45
```

Ikajibu 1, maana yake imeondoa moja. Ikijibu 0 ujue haikuwemo kwenye jela hiyo ya sshd, angalia jela nyingine, hasa recidive kama umeiwasha, maana hiyo inakamata wanaorudia makosa na inawashikilia muda mrefu zaidi.

Kabla ya hapo nilishapoteza muda kuiristati fail2ban nikidhani itasahau. Haisahau, inaweka kumbukumbu kwenye databezi yake na ikiwaka inarudisha kifungo ambacho muda wake haujaisha.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Chaguo-msingi la watengenezaji ni kukosea mara 5 ndani ya dakika 10, unafungiwa dakika 10, ningesubiri tu. Mi kwa ubabe nilikuwa nimeweka `bantime = 24h`. Nimeshusha ikawa saa 1 kwenye jail.local. Kuna na `ignoreip` ya kuweka anwani isiyofungiwa kabisa, ila ya kwangu inabadilika kila ruta ikizimwa, nikiiweka ipo siku atapewa mtu mwingine na kinga yangu, kwa hiyo nimeiacha. Natoa nyota 4, ile moja naikata kwa usiku ule.