iperf3: Kujua Kama Tatizo ni Waifai ya Ndani au Laini ya Intaneti

Habari zenu, karibuni sana. Leo hakuna boksi la kufungua hapa mezani. Ninachokichambua ni programu ya bure inayoitwa iperf3. Haina picha, haina vitufe, ni maandishi tu kwenye skrini nyeusi. Nimeileta kwenu kwa sababu inajibu swali ambalo tovuti za kupima spidi haziwezi kulijibu, na watu wanalipia vifurushi vikubwa kila mwezi kwa kukosa jibu lake: intaneti ikiwa nzito, imekwama wapi? Kati ya kifaa chako na ruta, au kati ya ruta na mtoa huduma?

Ukipima spidi kwa tovuti ukiwa chumbani, data inapita vipande viwili vya njia. Inatoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, halafu inatoka kwenye ruta hadi kwako kwa hewa. Namba unayosomewa ni ya kile kipande chembamba, na tovuti haikwambii ni kipi. iperf3 inapima kipande cha ndani peke yake. Unachukua kompyuta mbili zilizo nyumbani, moja inakuwa seva, nyingine inakuwa mteja, zinarushiana data kupitia ruta, na hakuna kinachotoka nje. Hata bando likiwa limeisha, hata waya wa faiba ukiwa umechomolewa, kipimo kinafanya kazi. Wanaoitunza ni watu wa ESnet, mtandao wa watafiti wa Marekani unaoendeshwa na Lawrence Berkeley National Laboratory.

Kuiweka ni rahisi. Kwenye Ubuntu unaandika `sudo apt install iperf3`, kwenye Mac yenye Homebrew ni `brew install iperf3`, na kwenye simu ya Android unaweka Termux, kisha `pkg install iperf3`. Watu wa Windows nawaomba muwe makini hapa. Watengenezaji wenyewe hawaiungi mkono rasmi Windows, kwa hiyo mnatumia faili zilizoandaliwa na wengine, na bado kuna toleo la 3.1.3 la mwaka 2016 linalozunguka mtandaoni. Tafuteni toleo jipya, maana lile la zamani linaweza kutoa namba ndogo kuliko hali halisi.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo linaloharibu vipimo vya watu wengi. Kompyuta ya seva lazima iunganishwe na ruta kwa waya. Ukiweka laptopu zote mbili kwenye waifai ileile, kila pakiti inasafiri hewani mara mbili: inapanda kutoka kwa mmoja kwenda kwenye ruta, kisha inashuka kwa mwingine, na zote zinagombea hewa ileile. Utasoma karibu nusu ya uwezo wako, uanze kuilaumu ruta isiyo na kosa. Basi seva kwa waya, mteja ndiye anazunguka vyumbani.

Kwenye seva unaandika hivi na kuiacha wazi:

```
iperf3 -s
```

Itakwambia inasikiliza poti 5201, yaani namba ya mlango wa kimtandao ambao seva inasubiria mteja, si tundu la waya. Tafuta anwani ya kompyuta hiyo, kwa `ipconfig` kama ni Windows au `ip addr` kama ni Linux. Tuseme ni 192.168.1.10. Kwenye laptopu ya mteja unaandika:

```
iperf3 -c 192.168.1.10
iperf3 -c 192.168.1.10 -R
```

Kila amri inakimbia sekunde 10. Amri ya kwanza, mteja ndiye anayetuma. Ile yenye -R inageuza mwelekeo, seva inatuma na mteja anapokea, na huo ndio mwelekeo wa kutazama video au kupakua faili. Ukitaka kulinganisha na spidi ya kupakua ya tovuti, linganisha na namba ya -R. Wengi wanakimbiza amri ya kwanza tu, halafu wanalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Nikupeni kesi kamili. Ni nyumba ya ghorofa moja Mbezi Beach, kuta za matofali ya saruji, sakafu ya juu ni zege lenye nondo. Kifurushi ni faiba ya megabiti 50 kwa sekunde, ruta iko sebuleni chini, nyuma ya televisheni. Kijana anasoma kwenye chumba cha juu, upande wa pili wa nyumba. Saa mbili usiku tovuti ya spidi inasoma 13 kule juu na 22 kule sebuleni. Mzee mwenye nyumba alikuwa ameshaamua kupandisha kifurushi hadi megabiti 100. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo yangu umeshaipokea, naomba na hili ulipokee. Usilipe kwanza, tupime."

Tulianza kwa waya kwa waya, laptopu zote mbili zimechomekwa kwenye ruta. Ikasoma 94. Namba hiyo ikariri, kwa sababu utakutana nayo sana. Maana yake ni kwamba mahali fulani kwenye waya kuna kiungo cha megabiti 100. Inaweza kuwa ni poti ya ruta, inaweza kuwa ni kebo ambayo jozi mojawapo haikubanwa vizuri kwenye plagi, maana gigabiti inahitaji jozi zote nne na megabiti 100 inahitaji mbili tu. Ingekuwa gigabiti kamili, ungeona karibu 940. Hapa ruta yenyewe ilikuwa na poti za megabiti 100. Kwa kifurushi cha 50 haina neno, lakini inakuwekea dari: hakuna kipimo cha waifai kitakachozidi 94 kwa seva hiyo, hata waifai ingekuwa na uwezo mkubwa zaidi.

Kisha laptopu ya mteja ikaingia kwenye waifai ya gigahezi 5 palepale sebuleni. Ikasoma 93. Hapo waifai ya sebuleni imeshaondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Ile 22 ya saa mbili usiku haikutoka hewani, ilitoka kwenye laini. Tukahakikisha kwa kupima tovuti kwa laptopu iliyochomekwa waya, ikasoma 22 vilevile.

Tukapanda juu. Zege lilikuwa limeshaikata gigahezi 5, laptopu ikajishikiza kwenye gigahezi 2.4. Hiki ndicho ilichoandika na -R:

```
[ ID] Interval           Transfer     Bitrate
[  5]   0.00-1.00   sec  1.62 MBytes  13.6 Mbits/sec
[  5]   1.00-2.00   sec  1.75 MBytes  14.7 Mbits/sec
[  5]   2.00-3.00   sec   640 KBytes  5.24 Mbits/sec
```

Soma safu ya Bitrate, iko kwa megabiti kama kifurushi chako. Transfer iko kwa megabaiti, usizichanganye. Na usitazame wastani wa mwisho peke yake, tazama mistari. Sekunde ya tatu imeporomoka hadi 5, baadaye ikarudi juu. Kuyumba namna hiyo ni dalili ya mawimbi dhaifu au chaneli iliyojaa waifai za majirani. Wastani wa mwisho ulikuwa 13.8. Windows kwenye ukurasa wa waifai ilionyesha spidi ya kiungo 39, na hiyo isiwadanganye, ni kasi ambayo redio zimekubaliana kuongea, si data inayofika. Data inayofika huwa nusu yake au zaidi kidogo hali ikiwa nzuri, na chini ya hapo hewa ikiwa na kelele.

Asubuhi yake tukarudia. Sebuleni tovuti ikasoma 48, laini imepumua. Chumba cha juu? 13. Na iperf3 juu bado 13 na kidogo. Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa na matatizo mawili yaliyofunikana: chumba cha juu kinazuiwa na waifai saa zote, na laini inashuka usiku kwa nyumba nzima. Kifurushi cha 100 kisingemwongezea yule kijana hata megabiti moja, maana yeye hata zile 22 za usiku zilikuwa hazimfikii.

Suluhisho la juu likawa kuvuta kebo hadi kwenye korido ya ghorofani na kuweka akses pointi, kifaa kinachopokea mtandao kwa kebo na kuurusha kwa waifai. Baada ya hapo iperf3 kutoka chumbani ikasoma 88, na tovuti asubuhi ikasoma 47. Usiku bado 22, na hilo sasa mzee analipeleka kwa mtoa huduma akiwa na vipimo vya waya mkononi, saa na tarehe zake. Jibu la "mzee, sogea karibu na ruta" halina nafasi tena.

Sasa mapungufu yake. Inataka vifaa viwili, mwenye simu moja tu haitamfaa. Inakwambia njia ya ndani ina kiasi gani, haikwambii kwa nini, chanzo unakitafuta wewe kwa kusogea na kubadili chaneli. Inapopima inameza hewa yote, kwa hiyo usiikimbize mtu akiwa kwenye kikao cha video. Kipimo cha UDP, yaani kutuma data bila kusubiri uthibitisho kwamba imefika, unachokiwasha kwa -u, kinatuma megabiti 1 tu kwa sekunde usipokiongezea, kwa mfano -b 50M. Watu wanaona 1 wanashtuka bure. Na kuifanya ruta yenyewe iwe seva sishauri kwa ruta ndogo, prosesa yake inachoka kabla ya waifai.

Ikigoma kuunganisha, soma ujumbe wake. "Connection refused" kwa kawaida ni kwamba seva haijawashwa. Ikikaa kimya mpaka muda uishe, mara nyingi ni Windows Defender Firewall ya kompyuta ya seva, au anwani si sahihi, au mteja yuko kwenye waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida hairuhusu vifaa kuonana.

Hukumu yangu: kwa yeyote mwenye ruta moja na vyumba zaidi ya viwili, hii ndiyo programu ya kuweka kabla ya kununua kifaa chochote au kupandisha kifurushi. Mkimaliza kupima, rudini kwenye seva mbonyeze Ctrl+C, na kama mliifungulia poti 5201 kwenye Firewall, ifungeni. Andikeni hapo chini namba zenu za waya, za sebuleni na za chumba cha mbali, pamoja na spidi ya kifurushi, nitazipitia.