TAHADHARI: Anayeuza "kurudisha sura" kwenye picha za kamera za ulinzi anakuuzia sura ya mtu ambaye hayupo

Jamani kaeni macho na huyu jamaa anayejitangaza kuwa anasafisha picha za kamera za ulinzi. Anasema hata kama uso wa mwizi ni kidoti tu chenye ukungu, yeye anakurudishia "sura yake halisi", hela unatanguliza. Na picha anayokuletea ni kali kweli, kope unaziona, vinyweleo vya ndevu unaviona, yaani mtu yeyote akiiangalia ataamini, na ndo maana nimeamua kuandika.

Kuna dada ninayemfahamu aliibiwa usiku, kamera ikamnasa mwizi akipita kwa mbali. Akamtumia huyo jamaa skrinshoti ya video, akaletewa sura ya kijana msafi utadhani kapigwa picha ya kitambulisho. Akaisambaza. Haikuchukua muda watu wakaanza kusema "ah, huyu si fulani?", na huyo fulani ni kijana wa watu ambaye hata hajui kilichotokea, ikabidi ndugu zake waingilie kabla mambo hayajaharibika.

Nikamwambia dada nitumie video yenyewe. Nikasimamisha fremu ile ile nikaikuza hadi vile viboksi vikaonekana kimoja kimoja. Uso mzima una pikseli 20 kwa upana na 24 kwa urefu, ambazo ni pikseli 480 basi. Picha aliyoletewa ni 512 kwa 512, yaani 262,144. Kwa hiyo kila pikseli moja iliyotoka kwenye kamera imezaa nyingine zaidi ya 540, na jicho la mwizi kwenye video lina pikseli kama 4 tu kwa upana. Nne jamani. Kope haziwezi kukaa humo, kovu haliwezi kukaa humo, hata kujua jicho limefumba au limefumbua ni kubahatisha.

Sasa hizo laki mbili na ushee zimetoka wapi? Hapa tusikilizane vizuri kidogo, maana ukielewa hapa hakuna atakayekupiga tena.

Picha ikiwa ndogo, kila pikseli ni wastani wa mwanga wa eneo zima. Chukua eneo ambalo kwenye picha kubwa lingekuwa na pikseli nne zenye namba 90, 150, 90, 150, yaani mistari ya giza na mwanga, labda nywele. Wastani wake ni 120. Chukua lingine lenye 120, 120, 120, 120, ngozi laini tupu. Wastani wake pia ni 120. Kamera imeandika 120 ikamaliza, na hakuna hesabu duniani itakayokwambia ile 120 ilikuwa nywele au ngozi, maana hiyo taarifa haijafichwa mahali ikisubiri mtaalamu, haikurekodiwa kabisa.

Programu za kusafisha picha zinatumia mtandao wa neva, yaani modeli ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, na unachofanya ni kukisia. Unafundishwa hivi: unachukuliwa mzigo wa picha safi, zinapunguzwa na kuharibiwa makusudi, halafu mtandao unaambiwa haya, nipe ile ya mwanzo. Ukikosea unarekebishwa, mara nyingi mno. Modeli za mwanzo zilikuwa zinahukumiwa kwa tofauti ya pikseli kwa pikseli tu, na mtandao ukihukumiwa hivyo ukakutana na 120 isiyojulikana ni nywele au ngozi, jibu la usalama kwake ni kuweka katikati, ndo maana picha zake zilikuwa laini laini kama zimepakwa mafuta. Watu hawakuzipenda. Ikaja mbinu ya kuweka mtandao wa pili kama hakimu, kazi yake kusema "hii inafanana na picha ya kweli" au "hii ya kutengeneza". Hapo katikati haikubaliki tena, kwa sababu hakimu anaukataa ukungu, kwa hiyo mtandao wa kwanza unalazimika kuchagua, nywele au ngozi, na kuichora kwa ukali wote. Inaweza ikawa kweli, inaweza ikawa uongo, ukali ni ule ule. Ukali wa picha haukwambii lolote kuhusu ukweli wake, na huyu jamaa biashara yake yote imekaa hapo.

Modeli za kusafisha nyuso zinaenda mbali zaidi. Kuna moja inaitwa CodeFormer, ya mwaka 2022, inapatikana bure na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiendesha, siwezi kusema kwa uhakika ndo anayotumia huyu ila matokeo yake yanafanana sana na ya hiyo. Ndani yake kuna kitu kama kamusi ya vipande 1,024 vya sura, vilivyojifunzwa kutoka kwenye mkusanyiko wa picha safi 70,000 za nyuso zilizochukuliwa mtandaoni. Ukiipa uso mbovu inaugawa nafasi 16 kwa 16, kila nafasi inakisia kipande kipi cha kamusi kingekaa pale, halafu inaviunga. Fundi anakuwa na kirungu kimoja cha kuchezea kinaitwa `w`, kutoka 0 hadi 1. Ukikishusha unaiambia iamini kamusi, sura inatoka nzuri. Ukikipandisha unaiambia iheshimu picha uliyoileta, sura inatoka mbaya mbaya ila iko karibu zaidi na kilichorekodiwa. Nikachukua fremu ya yule mwizi nikaipitisha mara mbili:

```
python inference_codeformer.py -w 0.1 --input_path mwizi.png
python inference_codeformer.py -w 0.9 --input_path mwizi.png
```

Ya kwanza ikanipa kijana mtanashati, pua imenyooka, macho yanakutazama. Ya pili ikanipa uso uliopinda, jicho moja limeyeyuka, umri huwezi kuutaja. Fremu ni moja, mwizi ni mmoja. Kama sura ingekuwa imo ndani ya ile video isingebadilika kwa kugeuza kirungu.

Nilipomwandikia huyo jamaa akaja na utetezi ambao kwa kweli unasikika vizuri, naomba msidanganyike nao. Akasema "ipunguze hiyo picha yangu irudi kwenye pikseli 20, utaona inalingana na yako, kwa hiyo ni yenyewe". Inaweza kulingana ndio, na haithibitishi kitu, rudi kwenye ile 120 uone kwa nini. Hili limeshaonekana hadharani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa programu inaitwa PULSE, inachukua uso wa pikseli 16 kwa 16 na kutafuta uso wa 1024 kwa 1024 ambao ukipunguzwa unarudi kuwa ule ule mdogo. Yaani sharti la huyu jamaa limewekwa tangu mwanzo. Watu wakaiwekea picha ya Barack Obama iliyopunguzwa, sura ambayo ukiiona hata kwa ukungu unamjua, ikarudisha mzungu. Ukimpunguza huyo mzungu unapata vile viboksi vya Obama. Watafiti wenyewe walishasema haifai kutambulisha watu, na ni kweli, hapo programu haikuharibika, ilitimiza sharti ililopewa, sema nyuso zinazotimiza hilo sharti ni nyingi kupindukia na yenyewe inaegemea zile ilizozizoea.

Hiyo ndo inaeleza pia vituko vingine mnavyoviona. Hizi programu huwa zinaanza na kitafuta-nyuso, kikiona kivuli kwenye majani au mkunjo wa pazia chenye vidoti viwili na mstari chini yake kinasema huyu mtu, basi msafishaji anabandika uso kamili pale kichakani. Kwenye vitu visivyo nyuso ni hivyo hivyo, chengachenga za kamera usiku zinageuzwa vinyweleo au nyuzi za kitambaa, ukuta wa plasta unapewa matofali. Namba za gari ndo hatari kuliko zote, kwa sababu 8, 3 na B zikiwa na ukungu ni kitu kimoja, na modeli itakuchorea mojawapo imenyooka kabisa bila kukuonyesha kuwa ilisita.

Mkiletewa picha "iliyosafishwa" angalieni mpaka wa uso. Uso mkali wakati kola na masikio ni uji, huo umebandikwa. Angalieni hereni, kushoto na kulia hazifanani. Meno yamepangana kupita kiasi. Na zile picha za "kabla na baada" kwenye tangazo lake msizihesabu, nyingi naona ni picha safi zilizopunguzwa kidogo tu, mtu katazama kamera, mwanga mzuri, ndo hali rahisi kuliko zote kwa modeli. Mpeni mtihani wenu: chukueni picha safi ya mtu mnayemjua ambayo haipo mtandaoni, ipunguzeni hadi uso ubaki pikseli 20, mtumieni bila kumwambia, halafu linganisheni. Nilimfanyia hivyo. Nimerudishiwa binamu yangu akiwa na pua ya mtu mwingine na kidevu cha mtu mwingine, na chini kaandika "imekubali vizuri kaka".

Sisemi kila kusafisha picha ni utapeli, tusichanganye. Picha ya zamani ya babu ambapo uso umejaa fremu ila umefifia na una mikwaruzo, hapo taarifa nyingi ipo, modeli inaziba tu, na hata ikikosea unyusi hakuna atakayepelekwa polisi. Na video kuna njia ya halali kabisa: mtu akisogea, kila fremu inamnasa pikseli zikiwa zimekaa tofauti kidogo, ukizipanga fremu nyingi na kuziunganisha unapata maelezo ya ziada ambayo kweli yalirekodiwa. Haitoi sura ya kitambulisho lakini inaweza kutoa urefu, mwendo, rangi ya begi. Huyu jamaa yeye hata video haombi, anataka skrinshoti moja.

Kama una tukio, nakili faili lenyewe kutoka kwenye mashine ya kurekodi leo leo, maana mashine nyingi hufuta za zamani zikijaa, na usilitume kwa wasapu kama video kwa sababu inabanwa na zile pikseli chache unazozipoteza ndo zilikuwa ushahidi wako. Wapelekee wanaohusika hilo hilo bila kusafishwa. Mwaka 2024 jaji wa jimbo la Washington kule Marekani alikataa video iliyoboreshwa kwa akili bandia isitumike kwenye kesi ya mauaji, kwa hiyo ukiwa na "sura safi" tu na video ya awali imeshafutika, huna kitu. Yule dada, ile ya kwenye mashine ilishafutika, kabaki na nakala aliyonitumia.