Pini za kushikia vitanzi: nimezitumia kwenye mifuko ya sweta, na haya ndiyo niliyoyaona

Nilipokwenda Unguja mwezi wa tatu nilipita Darajani nikanunua paketi ya pini tatu za kushikia vitanzi, ndogo, ya kati na kubwa, kwa shilingi 6,000. Zimefanana na pini ya nepi, ila ni ndefu na hazina lile zongo la waya nyuma linalonasa uzi. Muuzaji aliniambia hazishiki kutu. Nikarudi nazo Wete, maana nilikuwa na kazi inayozihitaji: mtoto wa dada yangu amepangiwa kufundisha Njombe, na Njombe mwezi wa saba si mahali pa kwenda na mtandio peke yake. Akaomba sweta la vifungo lenye mifuko miwili ya kutilia mikono. "Mama mdogo, usinibandikie mifuko kwa juu kama ya aproni," aliniambia. Alitaka mdomo tu uonekane, mfuko wenyewe uwe ndani.

Mfuko wa namna hiyo haushonwi baadaye. Unafumwa pamoja na nguo, na siri yake ni kuwa kuna vitanzi unaviacha wazi bila kuvifunga. Hapo ndipo pini zinapoingia.

Uzi wangu, kwa sindano za mm 4, unanipa vitanzi 22 na mistari 30 katika sentimita 10. Nilianza na bitana ya mfuko: vitanzi 29, mistari 36, kufuma kwa kawaida, mbele laini na nyuma vifundo. Hiyo ni kina cha sentimita 12. Mdomo wa mfuko ni vitanzi 27 tu. Viwili vya ziada vina kazi yao, nitaieleza. Bitana inaishia kwenye mstari wa nyuma, ili ukiigeuza uso wake ukutazame na uwe tayari kufuma mstari wa mbele. Sikuifunga, nilikata uzi tu, vitanzi vyote 29 nikavitia kwenye pini kubwa.

Kisha kipande cha mbele cha kushoto: vitanzi 60, ubavu wa chini, ule ukingo wa kuvutika, sentimita 6, halafu mistari 36 juu yake. Ile 36 si bahati. Ni sawa na mistari ya bitana, kwa hiyo bitana ikishuka ndani, pindo lake linaangukia pale pale ubavu unapoishia, na una mstari wa kufuata unaposhona.

Mstari wa mfuko ndio huu. Nilifuma vitanzi 16. Cha 17 nikakihamishia sindano ya kulia bila kukifuma. Vilivyofuata 27 nikavitia kwenye pini ya kati na kuiacha ining'inie mbele. Bitana nikairudisha kutoka kwenye pini hadi sindano ya akiba, nikaiweka nyuma ya kazi, uso wake ukinitazama. Nikakirudisha kile cha 17 nikakifuma pamoja na kitanzi cha kwanza cha bitana, viwili kuwa kimoja. Nikafuma 27 vya bitana, cha mwisho chake nikakifuma pamoja na kitanzi kinachofuata cha sweta, nikamalizia 15. Hesabu ikarudi 60. Vile viwili vya ziada ndivyo vinavyoziba pembe. Sweta la kwanza nililowahi kulitia mfuko sikuviweka, na kila pembe ilibaki na tundu ambalo kidole kilipita.

Sasa pini zenyewe. Kwa bitana zilifanya kazi vizuri. Zinafunguka upande mmoja tu, jambo linalotisha mwanzo, kwa sababu kitanzi unachotaka kuanza nacho kiko upande uliofungwa. Lakini ukichomeka sindano kutokea mdomo wa pini na kuvihamisha vyote, ncha inatokea upande wa kulia, mahali unapoanzia. Angalizo moja: ingiza sindano kama unayetaka kufuma kitanzi cha nyuma. Ukiingia kwa njia nyingine vitanzi vinapinda, na mdomo wa mfuko utaonyesha mstari wa miguu iliyopishana, umekaza kuliko mistari mingine.

Kwa vitanzi 27 vya mbele sikuridhika. Pini ni chuma kigumu, na unaendelea kufuma juu yake sentimita thelathini na zaidi huku ikining'inia. Uzito unavuta ncha mbili, na nilipoitoa vitanzi vya pembeni vilikuwa vimepanuka mara mbili ya wenzao. Hilo linatibika: kwa ncha ya sindano unausukuma ulegevu kutoka kitanzi hadi kitanzi mpaka ugawike. Lililonikera zaidi ni kutu. Kazi ilikaa wiki tatu kwenye kapu, na ilikuwa masika. Nyinyi wa huku mnajua masika yanavyofanya hata kwa kufuli. Uzi wangu ni wa rangi ya maziwa. Kwenye ncha, pale rangi ya pini ilipokwanguka, pakabaki doa la kahawia kwenye vitanzi viwili. Ndimu na chumvi juani zilipunguza, hazikumaliza. Muuzaji sitamtaja, ila akikuambia pini haishiki kutu, ikwangue kidogo na ukucha kwanza.

Kipande cha kulia nilifanya tofauti. Nilichukua kipande cha uzi wa pamba mweupe, kama sentimita 40, nikakipitisha kwa sindano butu kwenye vile vitanzi 27 na kufunga ncha zake kwa fundo legevu. Uzi hauna uzito, unalala pamoja na nguo, na vitanzi vilitoka vyote sawa. Msitumie uzi wa rangi kali usiowahi kufuliwa, maana unachuja.

Mdomo wenyewe nilivirudisha vile 27 kwenye sindano za mm 3.25, ndogo kuliko za mwili, nikafuma ubavu wa kimoja kwa kimoja kwa mistari 6. Idadi isiyogawanyika kwa mbili inakufaa, kwani unaanza na kumaliza na kitanzi cha mbele, pande zote zikafanana. Nikafunga kwa kufuata ubavu huo huo na kukaza kiasi. Ukifunga legelege mdomo unaanguka mbele kama wa birika. Ncha mbili za ubavu nikazishona juu ya uso wa sweta.

Bitana ikabaki ndani, imeshikwa juu tu. Kabla ya kuishona nilitia uzi wa cherehani kwenye safu ya 17 na ya 45, kutoka mfukoni hadi ubavu wa chini, ili nisiende mrama. Sindano inachukua nusu ya kila kifundo upande wa ndani. Ikichukua zaidi, alama inaonekana nje. Bi mkubwa, ambaye ameshona viua vya kofia miaka yote, aliugeuza upande wa kwanza akaniambia nifumue. Safu yangu ilikuwa imehama kitanzi kimoja katikati, na mfuko ukivaliwa ulivuta kwa pembeni. Nilifumua.

Kwa pini: ndogo sijaitumia. Ile kubwa nitaendelea nayo kwa bitana, inapokaa siku mbili tatu. Ya kati imerudi kwenye kapu, nimeizungushia kitambaa kikavu. Mfuko wa kushoto bado una kidoa chake. Mwenyewe anasema huko Njombe mkono utakuwa ndani muda wote, hakitaonekana.