Uzoefu wangu: lebo iliyoshinda watsap ilipotea dukani

Mimi natengeneza siagi ya karanga hapa Dodoma, kopo la gramu 400, karanga nafuata Kongwa. Mwezi wa saba nikaamua kuachana na lebo yangu ya kuprinti steshenari na kukata na mkasi, nikatafuta dizaina hapa hapa mjini, akanifanyia mokapu tatu kwa laki moja na nusu. Mokapu ni zile picha za kompyuta unaona kopo kama limeshatoka kiwandani. Kazi yake kwa macho ilikua nzuri sana, sitaki kumwonea. Ila jinsi nilivyozilinganisha mwanzoni ndo ningepotezea hela, kwahiyo naandika hii kwa yeyote anayefungasha chakula na yuko hatua hiyo.

Ya kwanza ilikua nyeusi isiyong'aa, jina kwa herufi nyembamba za dhahabu. Ya pili njano, ina picha kubwa ya mkate umepakwa siagi. Ya tatu kopo lenyewe linaonekana lote, lebo ni utepe mwembamba tu katikati wenye mchoro wa karanga. Nikazirusha kwenye magrupu mawili, la kikoba na la kwaya, nikauliza ipi nzuri. Nyeusi ikashinda mbali sana, watu wanasema imekaa kama ya nje. Nilikua nishapiga hesabu ya stika elfu moja.

Kilichoniokoa ni mama mmoja mwenye duka Majengo ambaye ananichukulia mzigo. Nikamwonyesha kwenye simu akaangalia akasema, "Mwanangu, picha za kwenye simu mie sizijui, lete kopo niliweke pale juu tulione." Basi nikaprinti zote tatu kwenye stika kwa saizi yake halisi, nikabandika kwenye makopo yenye siagi ndani, nikampelekea.

Sasa fikiria duka letu la mtaani lilivyo. Mteja haingii ndani, anasimama nje ya nondo, bidhaa ziko shelfu ya nyuma, mita mbili au zaidi, taa ni moja. Hasomi, anaonyesha kwa kidole na kutaja rangi, "nipe ile yenye kifuniko chekundu." Pale lebo nyeusi ilikufa kabisa. Dhahabu nyembamba kwenye mwanga hafifu haisomeki, unaona kivuli tu, na pembeni yake kuna makopo ya kahawa na mafuta ya nywele. Alafu ni kiangazi, upepo wa Dodoma mnaujua, siku ya pili tu vumbi jekundu limekaa juu ya ule weusi kopo linaonekana limedoda mwaka mzima. Kwenye njano vumbi hilo hilo huwezi kuliona.

Sikuwauliza wateja ipi nzuri, maana ukimuuliza hivyo mtu anakua jaji, anachagua kitu cha kusifia sio cha kununua. Nilikua nasimama pembeni namwambia, "Samahani dada, naomba nitafutie siagi ya karanga pale juu," alafu nahesabu kimoyomoyo. Kila mteja anaona kopo moja tu kati ya matatu, kwasababu akishaiona ya kwanza anakua ameshajua pa kuangalia na ya pili inapata ushindi wa bure. Watu 12 kwa kila kopo, jioni tatu. Njano wengi walinyoosha kidole kabla sijafika tatu. Nyeusi watu 7 kati ya 12 ama walikata tamaa ama walionyesha kitu kingine, na wawili walisema ni kahawa. Watu 12 ni wachache, kama tofauti ingekua ya mtu mmoja au wawili nisingeamini chochote, ila hii haikua ndogo.

Lakini njano nayo isikudanganye. Nilivyoipeleka kwenye supamaketi ikakaa katikati ya siagi nyingine ambazo nazo nyingi ni njano na vifuniko vyekundu, ikamezwa. Rangi haionekani yenyewe, inaonekana kwa kutofautiana na jirani yake. Sikubadilisha lebo, nilibadilisha kifuniko kikawa kijani, na hapo shelfu ya chini ikanisaidia maana mtu akiwa amesimama anachokiona ni kifuniko kwanza.

Kwenye suala la kutamanisha, nilikua nampa mtu kopo mkononi namuuliza, "Hii ungeila na nini?" Kama lebo inamfanya aione ladha atajibu chap, mkate, chapati, uji wa mtoto. Ya njano walijibu hivyo. Nyeusi kuna kaka alinirudishia swali, "Kwani hii ni ya kupaka?" Ila bibi mmoja aliigeuza ile ya njano, akaangalia picha, akaangalia ndani, akasema mbona ndani ni nyeusi kuliko hapa. Kweli kabisa, dizaina alichukua picha mtandaoni ya siagi ya karanga zilizokaangwa kidogo, sisi tunakaanga mpaka ziive. Picha ilikua inaleta hamu na hapo hapo inaondoa imani. Nikapiga nyingine nyumbani, siagi yetu wenyewe juu ya mkate wa kawaida, asubuhi karibu na dirisha.

Kwenye kuaminika ndo nilikua na kosa kubwa zaidi bila kujua. Raundi ya kwanza nyeusi iliongoza kwa uaminifu, nikashangaa, kumbe dizaina aliweka alama ya ubora ya TBS kwenye nyeusi peke yake, eti ipendeze. Mimi leseni ya hiyo alama nilikua bado sijapata na huruhusiwi kuiweka bila leseni, hata kama ni sampuli inayokaa mbele ya wateja. Na watu walikua wanaiamini alama, sio dizaini. Nikaitoa, nikarudia na watu wengine, zote tatu zikiwa na jina la mtengenezaji, viambato, tarehe na namba ya bechi kwa maandishi sawa. Uongozi wa nyeusi ukayeyuka. Swali lilikua moja, "ungempa mtoto wako?" na karibu wote kabla ya kujibu waligeuza kopo kutafuta tarehe. Huku kwetu karanga sio kitu cha mzaha, zinashika sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kama mahindi, na mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, watu hawajasahau.

Alama ilipotoka, ile ya wazi siku ya kwanza iliaminika kuliko zote, mtu anaona anachonunua. Siku ya nne mafuta yalikua yamepanda juu kama unene wa kidole, na wateja wakaanza kusema imeharibika, wengine wanasema nimeongeza mafuta ya kula. Hayo ni mafuta ya karanga yenyewe, siagi isiyowekewa kitu cha kuyashika lazima yapande. Ningejaribu na kopo la siku hiyo hiyo nisingegundua.

Nilichoprinti mwishoni ni njano, picha yetu, kifuniko kijani, na kidirisha kidogo upande wa chini ambapo siagi inaonekana nzito, huku lebo ikifunika sehemu ya juu, na pembeni ya tarehe nimeandika wazi kwamba mafuta kupanda ni kawaida, koroga kabla ya kutumia. Dizaina nitamrudia, ila safari hii nimemwambia mapema anipe faili la saizi halisi la kuprinti kabla ya zile picha za kompyuta, na alama asiweke hata moja ambayo sijamtumia mimi.